Jibu Lianzie Mwanafunzi Alipokwama

Haya ni maandishi ya hotuba iliyosomwa katika maktaba ya kaunti mbele ya wazazi, walimu na vijana waliohitimu ambao wamejitolea kuwajibu wanafunzi wanaotuma picha za kazi zao za nyumbani.



Mwanafunzi anayetuma picha ya swali pamoja na jaribio lililomshinda huwa ametuma vitu viwili. Wasaidizi wengi husoma kimoja tu. Huliangalia swali, hulitatua jinsi wao walivyozoea, kisha huandika jibu safi na kulirudisha. Jaribio la mwanafunzi hubaki pale pichani bila kuguswa, ilhali ndilo linaloonyesha ni kitu gani hasa anachokihitaji.

Chukueni mfano huu. Msichana wa kidato cha pili ametuma ukurasa mmoja wa daftari lake la hisabati. Swali la tatu linasema kuwa bustani ya mstatili ina urefu unaozidi upana wake kwa mita 5, na eneo lake ni mita za mraba 84. Anatakiwa kutafuta upana na urefu. Chini ya swali ameandika kwamba upana ni x, kisha mistari hii:

```
x(x + 5) = 84
x = 84  au  x + 5 = 84
x = 84  au  x = 79
```

Kando ya mstari wa mwisho ameweka alama ya kuuliza, na ujumbe wake unasema kwamba jibu halilingani na lile lililo nyuma ya kitabu na kwamba daftari linakusanywa kesho asubuhi.

Sasa fikirieni majibu mawili anayoweza kupata. La kwanza linatoka kwa kijana aliyesomea uhandisi. Anajua hesabu hii kama anavyojua njia ya nyumbani kwao, na anaimaliza kwa mistari mitatu:

```
x² + 5x − 84 = 0
x = (−5 ± √361) / 2
x = 7
```

Upana ni mita 7 na urefu ni mita 12. Hakuna kosa hata moja hapo, lakini jibu halimfai msichana huyu. Katika mtaala wa 8-4-4, fomula iliyotumika katika mstari wa pili hufundishwa kidato cha tatu. Kidato cha pili milinganyo hii hutatuliwa kwa kuigawa katika mabano mawili, na kwa hiyo msichana hajui ile 361 imetoka wapi. Atanakili kwa sababu kesho ni asubuhi, na mwalimu wake akimwita ubaoni aeleze, hatakuwa na neno. Baya zaidi ni kwamba bado ataamini mstari wake wa pili ulikuwa sawa. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Wiki ijayo atauandika tena, na siku ya mtihani atauandika tena.

Jibu la pili huanza kwa kusoma, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Msaidizi anatafuta mstari wa mwisho ulio sahihi. Hapa ni ule wa kwanza. Msichana amechagua herufi, ameelewa kwamba urefu unazidi upana kwa 5, na amejua kwamba eneo hupatikana kwa kuzidisha hivyo viwili. Kwa wanafunzi wengi hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, yaani kugeuza maneno kuwa mlinganyo, na yeye ameipita salama. Katika usahihishaji wa mitihani ya kitaifa ya hisabati, alama za mbinu hutolewa kando na alama za usahihi wa jibu, na kwa kawaida mlinganyo kama huu hupata alama yake hata kama yanayofuata yameharibika. Anayemwandikia jibu jipya kuanzia mwanzo anamfanya adhani kazi yake yote ilikuwa takataka.

Kisha msaidizi anatazama mahali ulipoanzia mkengeuko, na swali lake ni moja: je, mwanafunzi alikuwa akiwaza nini alipoandika hivi? Kosa la mwanafunzi kwa kawaida huwa na sababu yake. Mara nyingi ni kanuni ya kweli iliyotumika mahali isipofaa. Hapa ndipo inapodhihirika faida ya kuomba picha ya ukurasa mzima badala ya swali moja lililokatwa, kwa kuwa juu ya ukurasa huohuo kuna swali la pili, na amelipata:

```
x² − 5x + 6 = 0
(x − 2)(x − 3) = 0
x = 2  au  x = 3
```

Sasa chanzo kiko wazi. Katika swali la pili aliona mabano mawili yakizidishana, akachukua kila moja na kulisawazisha na namba iliyo upande wa kulia. Ilifanya kazi. Katika swali la tatu ameona tena vitu viwili vikizidishana, x na x + 5, akafanya vilevile, ila upande wa kulia hapakuwa na 0. Palikuwa na 84. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mbinu ile inasimama juu ya sifuri peke yake. Huenda mwalimu alisema darasani, lakini mifano yote iliyokuwa ubaoni iliishia na sifuri, na kitu ambacho hakibadiliki hakuna anayekiona.

Kwa hiyo msichana huyu hahitaji somo zima la milinganyo. Anahitaji kuona jambo moja: namba mbili zikizidishwa na kutoa 0, lazima mojawapo iwe 0, lakini zikizidishwa na kutoa 84, si lazima yoyote iwe 84. Zinaweza kuwa 2 na 42, au 4 na 21, au 7 na 12. Sentensi hiyo moja ndiyo kiini cha jibu lote. Msaidizi aliyeipata amemaliza nusu ya kazi, na bado hajaandika kitu.

Nusu ya pili ni kuamua aandike kiasi gani, na hapo pana mvutano wa kweli, kwa sababu hii ni kazi ya nyumbani ambayo mwalimu atasahihisha. Akimaliziwa swali la bustani mpaka mwisho, daftari litapata alama ya vema na mwalimu hatajua kwamba darasa lake lina shida mahali pale. Akiambiwa tu "fikiria tena", msichana aliyekwishafikiria mpaka akachoka atafunga daftari akalale. Njia inayofaa ni kumtatulia kikamilifu swali pacha, lenye umbo lilelile na namba nyingine, kisha kumrudisha kwenye lake. Utafiti wa John Sweller na Graham Cooper wa Australia, uliochapishwa mwaka 1985, ulihusu aljebra ya shule za upili. Ulionyesha kwamba wanafunzi wanaoanza mada huweza kujifunza vizuri zaidi kwa kusoma mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua kuliko kwa kuachwa wahangaike na maswali mengi peke yao. Anayeanza hushughulishwa sana na kutafuta njia, hata hapati nafasi ya kuiona njia yenyewe.

Pacha wa swali la bustani anaweza kuwa hivi: chumba kina urefu unaozidi upana kwa mita 3, na eneo la sakafu ni mita za mraba 40. Jibu linalorudishwa kwa msichana linaweza kuandikwa namna hii:

"Mstari wako wa kwanza ni sahihi kabisa, usiufute. Shida imeanzia mstari wa pili. Katika swali la pili uliweza kuchukua kila mabano peke yake kwa sababu upande wa kulia palikuwa na 0. Hapa pana 84. Taja namba mbili zinazozidishana kutoa 84, uone kama ni lazima mojawapo iwe 84. Sasa tazama mfano wa chumba, ambao unafanana na wa kwako:

```
x(x + 3) = 40
x² + 3x = 40
x² + 3x − 40 = 0
(x + 8)(x − 5) = 0
x = −8  au  x = 5
```

Mstari wa tatu ndio uliokosekana kwako. Tumeipeleka 40 upande wa kushoto ili kulia ibaki 0, na sasa mbinu yako ya swali la pili inaruhusiwa. Upana hauwezi kuwa −8, kwa hiyo ni mita 5, na urefu ni mita 8. Hakikisha: 5 mara 8 ni 40. Rudi kwenye bustani yako, uanzie mstari wako wa kwanza."

Angalieni yale ambayo hayamo humo. Hakuna maelezo ya jinsi ya kufungua mabano, wala ya jinsi ya kupata 8 na −5, kwa kuwa swali la pili limeonyesha kwamba anajua kugawa katika mabano mawili. Herufi ni ileile x aliyoichagua yeye, na kinachopimwa ni upana kama alivyopanga yeye. Msaidizi aliyezoea kuanza na urefu angeandika x(x − 3) = 40, ambayo ni sawa pia, lakini msichana angetumia dakika kumi akitafuta kwa nini alama ya kujumlisha imegeuka kuwa ya kutoa. Maneno ya somo nayo yabaki yale yaliyo kwenye daftari lake. Maelezo ya kawaida yanaweza kuwa kwa Kiswahili, ila istilahi ambazo mwalimu wake anatumia, na ambazo mtihani utatumia, zisibadilishwe.

Kiwango sahihi, basi, hupimwa kwa ukubwa wa hatua kati ya mstari na mstari. Hatua ambayo mwanafunzi amekwishaonyesha kwamba anaiweza hupewa mstari mmoja bila maelezo. Hatua iliyomwangusha hupewa sentensi tatu au nne. Wasaidizi wengi hujua hatari ya kuruka hatua, lakini wachache hufahamu kwamba kueleza kupita kiasi nako hudhuru. Slava Kalyuga, akiwa na Sweller na wenzao, ameandika kuhusu jambo hilo: maelezo yanayomsaidia mgeni wa mada humzuia yule aliyekwishaizoea, kwa kuwa hulazimika kusoma anachokijua ili akifikie asichokijua. Msichana akipelekewa kurasa mbili zinazoanza na maana ya mlinganyo, ile sentensi ya sifuri itazama katikati.

Pana jambo jingine katika swali hili ambalo msaidizi mwangalifu hukutana nalo mapema. Mwanafunzi akiorodhesha namba zinazozidishana kutoa 84, yaani 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12, anaweza kuona papo hapo kwamba 12 inazidi 7 kwa 5. Jibu limepatikana bila mlinganyo. Je, akatazwe? Hapana. Amefikiri vizuri, na isitoshe, ni utafutaji uleule unaofanyika ndani ya mabano: kugawa x² + 5x − 84 ni kutafuta namba mbili zinazozidishana kutoa −84 na kujumlishwa kutoa 5, nazo ni 12 na −7. Anastahili kuambiwa kwamba mambo hayo mawili ni jamaa. Anastahili pia kuambiwa mahali ambapo njia ya orodha inakwama. Kama eneo lingekuwa mita za mraba 85, orodha ya namba kamili isingetoa jozi yoyote inayoachana kwa 5, ingawa bustani ya namna hiyo ipo. Kwa swali hilo atasubiri fomula ya kidato cha tatu, na si vibaya ajue kwamba inakuja.

Kuna picha ambazo hazifai kujibiwa kwa namna hii. Ikiwa mwanafunzi alisoma swali vibaya, kwa mfano akachukua 84 kuwa mzunguko wa bustani badala ya eneo, hahitaji mfano wowote. Sentensi moja inayomwelekeza arudie kusoma inatosha. Ikiwa kosa ni la kuteleza, kama kuandika kwamba 12 mara 7 ni 74, msaidizi auzungushie mstari huo duara na kunyamaza. Ikiwa picha ina swali tupu bila jaribio, aombe kwanza mstari mmoja, hata ule wa kuchagua x, kwa sababu bila huo hana pa kuanzia ila kukisia. Na karatasi ikionekana kuwa ya jaribio la darasani ambalo bado linaendelea, haijibiwi kabisa.

Wazazi watauliza yao: mbona mtu ambaye hakusoma hisabati hizi anaitwa kwenye kikao kama hiki? Kwa sababu sehemu ya kazi hii haihitaji hisabati. Mzazi anaweza kumzuia mtoto asifute jaribio kabla ya kulipiga picha. Watoto wengi huona aibu, wakasugua ufutio mpaka karatasi ikatoboka, kisha wakatuma swali likiwa peke yake. Mistari iliyofutwa ndiyo msaidizi anayoihitaji. Mzazi anaweza pia kuhakikisha kwamba picha imechukua ukurasa mzima, pamoja na kichwa cha mada, na kwamba ni ya mchana au chini ya taa nzuri. Katika picha yenye giza, −7 husomeka 7, na msaidizi huenda akatibu kosa ambalo halikuwepo. Sehemu yenye jina la mtoto na la shule ifunikwe kabla ya kupiga picha. Haina kazi yoyote katika kutatua hesabu.

Mwisho kuna suala la kujua kama jibu limefika. "Asante, nimeelewa" si ushahidi, maana mtoto mwenye adabu atasema hivyo hata kama hajaelewa. Baada ya msichana kurudisha bustani yake ikiwa na mita 7 na mita 12, msaidizi humpa swali moja fupi lisilo na bustani wala chumba:

```
x(x − 4) = 21
```

Swali hili limechaguliwa ili kila jibu liseme jambo. Akileta 7 na −3, ameelewa, na safari hii hakuna sababu ya kulitupa lile hasi kwa kuwa x si upana wa kitu. Akilitupa, basi alikariri kwamba namba hasi hutupwa, hakujua ni kwa nini. Akileta 3 na −7, wazo la sifuri limeingia na kilichobaki ni alama ndani ya mabano, ambalo ni kosa jingine lenye dawa nyingine. Akileta 21 na 25, kosa la kwanza lingalipo. Bustani aliipata kwa kuufuata mfano wa chumba mstari kwa mstari, na mfano ulipoondoka aliirudia kanuni yake ya zamani.

Hapo msaidizi asimtumie mfano wa tatu unaofanana na ule wa pili. Amrudishe nyuma zaidi, amwombe aiweke 21 mahali pa x katika swali lenyewe na kuhesabu: 21 mara 17 ni 357. Kisha amuulize iliyotakiwa ni ngapi. Mwanafunzi akiiona 357 kwa hesabu ya mkono wake mwenyewe, ndipo ile sentensi ya sifuri inaweza kuandikwa upya, na safari hii iandikwe naye.